Mzigo Utafika Tarehe 46000

Mteja wa Lubumbashi anafungua simu yake asubuhi na kukuta ujumbe kutoka kwa wakala wake wa Dar es Salaam: "Mzigo Na. 118 utafika tarehe 46000." Anausoma mara ya pili. Hiyo 46000 ni nini? Ni ushuru alioongezewa huko Tunduma? Ni namba ya kontena? Anampigia wakala, na wakala naye anashangaa, kwa sababu kwenye kompyuta yake tarehe imekaa sawasawa: 09/12/2025.

Wote wawili wanasema kweli. Tarehe 9 Disemba 2025, siku Tanzania Bara ilipotimiza miaka 64 ya uhuru, ndani ya Excel ndiyo hiyo hiyo 46000. Programu hii haihifadhi siku, mwezi na mwaka kama sisi tunavyoviandika. Inahesabu siku. Januari 1, 1900 ni siku ya 1, inayofuata ni ya 2, na hesabu inaendelea hivyo bila kukatika hadi leo. Disemba 9, 1961, siku yenyewe ya uhuru wa Tanganyika, ni 22624. Ukitoa 22624 kwenye 46000 unapata siku 23376 zilizopita kati ya hizo mbili, na hapo ndipo faida ya mtindo huu inapoonekana: kujua mkopo umechelewa siku ngapi ni suala la kutoa tu, hakuna haja ya kukumbuka mwezi upi una siku 30 na upi 31. Saa nazo ni sehemu ya siku. Saa sita mchana ya tarehe hiyo ni 46000.5, na saa nne na nusu asubuhi ni 46000.4375.

Hesabu hiyo ina kasoro moja ya kale ambayo haijarekebishwa mpaka leo. Inadhani mwaka 1900 ulikuwa na Februari 29, ingawa haukuwa nayo. Kosa lilianzia kwenye Lotus 1-2-3, programu iliyotamba kabla ya Excel, na Microsoft waliliacha makusudi ili mafaili ya Lotus yafunguke bila tarehe zake kusogea. Kwa tarehe za leo halina madhara yoyote, kwa hiyo tuliache na sisi.

Turudi kwa wakala. Namba ya mzigo iko kwenye seli A2, tarehe ya kufika iko B2, na ujumbe wa mteja unatengenezwa kwa fomula hii:

```
="Mzigo Na. "&A2&" utafika tarehe "&B2
```

Alama ya & kazi yake ni kuunganisha maneno. Ikifika B2 inachukua kilichomo ndani ya seli, na kilichomo ni 46000. Sura ya 09/12/2025 tunayoiona si sehemu ya thamani hiyo. Ni vazi ambalo seli imeivisha namba ili macho ya binadamu yaielewe. Alama ya & haibebi mavazi. Fomula ya CONCATENATE na mdogo wake CONCAT nazo zinafanya vilevile, kwa hiyo kuhama kutoka moja kwenda nyingine hakusaidii kitu.

Ukishazoea, namba hizi unazitambua hata zikiwa katikati ya sentensi. Siku za mwaka 2024 zinaanzia 45292 hadi 45657. Mwaka 2025 unaanzia 45658 hadi 46022, na 2026 unaanzia 46023. Ukikuta tarakimu tano zinazoanza na 45 au 46 mahali palipotakiwa kuwa na tarehe, basi ni tarehe iliyotoka uchi.

Mimi naiona namba hiyo kuwa ya kweli kuliko sura yake. Chukua kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Karani akiandika 09/12/2025, mashine inaelewa Septemba 12, wala haimwambii lolote. Kwenye seli kila kitu kinaonekana sawa. Lakini ukiunganisha kwa & inatoka 45912 badala ya 46000, pungufu ya siku 88, na hapo kosa linajitokeza lenyewe. Sasa karani huyo huyo aandike 13/12/2025. Hakuna mwezi wa 13, kwa hiyo mashine inashindwa kuielewa kama tarehe na kuihifadhi kama maneno matupu. Maneno hayo yakiunganishwa yanatoka vizuri kabisa: "utafika tarehe 13/12/2025". Ndiyo maana orodha moja inaweza kutoa namba mstari huu na tarehe safi mstari unaofuata, na mtu asiyejua atahangaika kurekebisha mistari yenye namba, kumbe mgonjwa zaidi ni ule uliotoka safi. Njia ya kuhakikisha ni kuandika =ISNUMBER(B2) kwenye seli tupu. Jibu likiwa TRUE, tarehe ni tarehe. Likiwa FALSE, hapo kuna maneno yaliyojifanya tarehe, na hayatapangika wala kutolewa kwa usahihi.

Dawa ambayo karibu kila mtu hufundishwa ni fomula ya TEXT. Inachukua namba, inaivisha sura unayotaka, halafu inakukabidhi maneno yaliyo tayari kuunganishwa:

```
="Mzigo Na. "&A2&" utafika tarehe "&TEXT(B2,"dd/mm/yyyy")
```

Herufi d ni ya siku, m ya mwezi na y ya mwaka, zote zikitokana na maneno ya Kiingereza. Ukiandika mmmm unapata jina zima la mwezi. Wakala anaridhika, na juu ya ukurasa wa malipo anaongeza kichwa cha habari kwa njia hiyo hiyo:

```
="Malipo ya mwezi wa "&TEXT(B2,"mmmm yyyy")
```

Kompyuta yake ya Dar es Salaam, iliyopangwa kwa Kiingereza, inaandika "Malipo ya mwezi wa December 2025". Kama faili haliondoki ofisini, habari ingeishia hapa.

Lakini mteja ameomba atumiwe faili lenyewe badala ya ujumbe, ili awe anabadilisha tarehe kadiri malori yanavyosonga kutoka Tunduma, kupitia Zambia, hadi mpaka wa Kasumbalesa. Kompyuta yake imepangwa kwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi za Kongo. Analifungua, linaonekana halina tatizo. Siku mbili baadaye lori linakwama, anabadilisha tarehe kwenye B2, na kichwa cha habari kinageuka kuwa hivi:

```
Malipo ya mwezi wa décembre yyyy
```

Jina la mwezi limegeuka Kifaransa, na mwaka umetoweka. Mahali pake pamebaki herufi nne zilezile alizoandika wakala. Sababu ni kwamba kwa kompyuta ya Kifaransa herufi ya mwaka ni a na ya siku ni j. Herufi m inafanana kwa lugha zote mbili, ndiyo maana mwezi umenusurika. Mashine ilipokutana na yyyy haikuona amri yoyote, ikaziandika herufi hizo kama zilivyo. Haikulalamika wala kuonyesha alama ya kosa, na hilo ndilo linaloudhi: fomula iliyovunjika kwa kawaida hutoa #VALUE! au #NAME? na unaiona, lakini hii inatoa sentensi inayofanana na kweli.

Kwa nini haikuharibika mara tu faili lilipofunguliwa? Excel inapohifadhi faili huhifadhi pia majibu ya mwisho ya kila fomula. Likifunguliwa kwingine, mara nyingi inaonyesha majibu hayo bila kukokotoa upya, mpaka kitu ambacho fomula inakitegemea kibadilike. Kwa hiyo mistari ambayo mteja hakuigusa itaendelea kuonyesha tarehe nzuri za Dar es Salaam, na ule mmoja alioubadilisha utaharibika. Ni rahisi hapo kumlaumu aliyebadilisha. Kuna mafaili yanayoharibika papo hapo: lenye fomula ya TODAY au NOW, kwa sababu hizo hukokotolewa kila linapofunguliwa, na lililohifadhiwa na toleo la zamani la Excel kisha likafunguliwa kwa jipya.

Swali lililo zuri zaidi ni hili: kama Excel ya Kifaransa inaelewa faili zima, kwa nini ishindwe na herufi nne? Mteja akibofya seli ile, hataona TEXT. Ataona TEXTE, na badala ya mkato kati ya vipengele ataona nukta mkato:

```
="Malipo ya mwezi wa "&TEXTE(B2;"mmmm yyyy")
```

Majina ya fomula yanahifadhiwa ndani ya faili kwa namna moja tu, kisha kila kompyuta inayaonyesha kwa lugha ya mwenyewe. Mavazi ya seli nayo ni hivyo hivyo: seli iliyovishwa dd/mm/yyyy Dar es Salaam itajitambulisha kama jj/mm/aaaa Lubumbashi na tarehe itaonekana vizuri. Lakini kilichofungwa ndani ya alama za kunukuu ni mali ya aliyeandika. Mashine haina namna ya kujua kama "mmmm yyyy" ni amri au ni jina la duka la mtu, kwa hiyo haithubutu kukigusa. Kinasafiri kama kilivyo, na kikifika kinasomwa kwa kanuni za mwenyeji.

Kifaransa hakiko peke yake. Mfanyabiashara wa Pemba kule Msumbiji, ambako kompyuta hupangwa kwa Kireno, anahitaji dd/mm/aaaa; siku na mwezi ni herufi zilezile, kwa hiyo fomula ya wakala itampa 09/12/yyyy. Mjerumani anatumia TT.MM.JJJJ. Mholanzi yuko katikati, dd-mm-jjjj. Mfini ndiye aliyehama kabisa: pp.kk.vvvv.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata mafundi. Kinachoamua herufi hizi si lugha ya menyu za Excel bali ni mpangilio wa eneo uliowekwa kwenye Windows, ule unaoitwa Region. Mtu wa Goma anaweza kuwa na Excel yenye menyu za Kiingereza na fomula inayosomeka TEXT, lakini Windows yake imewekwa Kifaransa. Huyo naye anahitaji aaaa. Kumwekea Excel ya Kiingereza hakutamponya. Kipimo cha haraka ni kuandika hivi kwenye seli yoyote tupu:

```
=TEXT(1,"yyyy")
```

Namba 1 ni Januari 1, 1900, kwa hiyo kompyuta inayoelewa y itajibu 1900. Isiyoelewa itakurudishia yyyy. Kama menyu ni za Kifaransa utaandika TEXTE badala ya TEXT, na kama eneo ni la Kifaransa utatumia nukta mkato badala ya mkato.

Wengi wakishagundua hili hubadilisha fomula ziwe na aaaa na kulirudisha faili Dar es Salaam, ambako sasa linaharibika upande wa pili. Wengine hutumia kile kipimo ndani ya IF, kwamba jibu likiwa 1900 itumike yyyy, la sivyo aaaa. Kwa ofisi mbili inatosha. Ya tatu ikiwa Hamburg, fomula inaanza kurefuka bila mpango.

Njia ninayoipendelea ni kutompa mashine herufi zozote za tarehe ndani ya alama za kunukuu. Badala yake iulizwe siku ni ngapi, mwezi ni wa ngapi na mwaka ni upi, kwa fomula za DAY, MONTH na YEAR. Hizo ni majina ya fomula, na tumeona majina ya fomula yanatafsiriwa yenyewe:

```
="Mzigo Na. "&A2&" utafika tarehe "
&TEXT(DAY(B2),"00")&"/"
&TEXT(MONTH(B2),"00")&"/"&YEAR(B2)
```

TEXT bado imo, lakini msimbo wake ni sifuri mbili tu, ambazo kazi yake ni kuongeza 0 mbele ya 9. Sifuri ni sifuri Dar es Salaam, Lubumbashi, Pemba na Hamburg. Mteja wa Kongo akibofya seli ataona JOUR, MOIS na ANNEE, na jibu litabaki 09/12/2025.

Kwa anayetaka jina la mwezi, CHOOSE inamaliza kazi, na hapa kuna faida ya ziada: mwezi unatoka kwa Kiswahili, si "December" wala "décembre":

```
=DAY(B2)&" "&CHOOSE(MONTH(B2),
"Januari","Februari","Machi","Aprili",
"Mei","Juni","Julai","Agosti","Septemba",
"Oktoba","Novemba","Disemba")&" "&YEAR(B2)
```

Ni ndefu, lakini unaiandika mara moja kwenye safu ya pembeni, kisha fomula nyingine zote zinaichukua kutoka hapo. Yupo atakayesema kuna njia fupi, msimbo [$-441] ambao ni wa Kiswahili cha Kenya, unaowekwa mbele hivi: TEXT(B2,"[$-441]mmmm"). Ni kweli unaleta majina ya miezi kwa Kiswahili. Ila unabadilisha lugha ya jina tu, haubadilishi herufi za amri. Ukiongeza yyyy nyuma yake, Lubumbashi itakuwa vilevile yyyy.

Fomula hizi zina mtego wake mmoja. Kama B2 iko tupu kwa sababu tarehe haijapangwa, mashine inaisoma kuwa 0, na ujumbe unatoka "utafika tarehe 00/01/1900". Afadhali itangulizwe IF(B2="","haijapangwa", ...) kabla mteja hajaambiwa mzigo wake ulifika zaidi ya karne moja iliyopita.

Mahali ambapo ujumbe ni mfupi na una tarehe moja tu, hakuna haja hata ya kuunganisha. Andika =B2 kwenye seli, bonyeza Ctrl+1, chagua Custom, halafu andika vazi lenye maneno ndani yake:

```
"Mzigo utafika tarehe "dd/mm/yyyy
```

Seli itaonyesha sentensi nzima, ilhali ndani yake bado kuna 46000, tarehe halisi inayoweza kupangwa na kutolewa. Na kwa kuwa hili ni vazi la seli wala si maneno ndani ya fomula, linatafsiriwa likifika Kongo. Upungufu wake ni kwamba seli moja inavisha thamani moja. Namba ya mzigo kutoka A2 haiwezi kuingia humo. Pia mtu akija kuiunganisha seli hiyo na nyingine kwa &, sentensi yote itabaki nyuma pamoja na vazi, na 46000 itarudi.

Upande wa fedha una ugonjwa unaofanana na huu. TEXT(C2,"#,##0.00") inategemea mkato utenganishe maelfu na nukta itenganishe senti. Kwenye mpangilio wa Kifaransa mkato ndio unaotenganisha senti, na maelfu yanatenganishwa kwa nafasi, kwa hiyo kiasi cha malipo kinaweza kutoka kimevurugika kwenye ankara ileile ambayo tarehe yake umeshaitengeneza. Hapo fomula ya FIXED ni salama zaidi, maana unaiambia idadi ya tarakimu za senti kwa namba, siyo kwa alama.

Kabla faili halijatumwa, wakala anaweza kuiona Lubumbashi akiwa kwenye kiti chake. Afunge Excel, aingie kwenye mipangilio ya Region ya Windows, abadilishe muundo wa eneo kuwa Kifaransa, kisha alifungue faili tena. Asiishie kulitazama, kwa sababu majibu ya zamani bado yamehifadhiwa. Abonyeze Ctrl+Alt+F9 ili kila fomula ikokotolewe upya. Kisha Ctrl+F, aweke Look in kuwa Values, na atafute yyyy. Zikitokea, kila seli iliyoorodheshwa ina msimbo wa tarehe uliofungwa ndani ya alama za kunukuu. Akimaliza arudishe Region ilivyokuwa, la sivyo tarehe atakazoziandika alasiri hiyo zitafuata kanuni za Kifaransa.